Sobremesa Bila Meza

Kuna neno la Kihispania linazunguka sana kwenye simu zetu siku hizi: sobremesa. Utaliona kwenye video za watu wamekaa chini ya mti, sahani chafu bado ziko mbele yao, kikombe cha kahawa mkononi, na maandishi yanasema eti hakuna lugha nyingine yenye neno la hicho kitu, yaani ule muda wa kubaki mezani mkipiga stori baada ya kula. Watu wa Eastlands wanashea na kuandika "siku moja nitaenda Uhispania." Manze, tulia kwanza. Nusu ya hilo neno iko nyumbani kwenu, imesimama katikati ya sebule, na mathe ameifunika kitambaa.

"Mesa" yao na "meza" yetu ni neno moja. Tofauti ni kwamba sisi hatukulipata kwa Wahispania, tulilipata kwa majirani zao Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, wenzake wakaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, na wakashikilia hiyo ngome hadi walipofurushwa mwaka 1698. Karibu miaka 200 ya mizinga na ushuru, na ukiangalia walichoacha kwenye lugha ni vitu vya nyumbani na vya kupitisha wakati: meza, leso, karata, mvinyo. Walituachia meza na karata, sasa kukaa tungeshindwa aje?

Cheki vile neno moja linaweza kwenda njia tofauti. Mreno akikwambia "sobremesa" hamaanishi stori hata kidogo. Anamaanisha kitu kitamu cha kumalizia chakula, kile ambacho mwalimu wa Kiswahili alitwambia kinaitwa kitindamlo. Kutinda ni kukata. Kitindamlo ni kinachokata mlo: umekula keki, tumemaliza, inuka. Kwa Mhispania ni kinyume kabisa, chakula kikiisha ndio mambo yanaanza. Halafu kuna maana nyingine ya zamani ambayo bado iko kwenye kamusi zao: sobremesa ni kitambaa cha kutandika juu ya meza. Kwa hiyo maana, akina mathe wa Jericho na Umoja, na vile vitambaa vyao vya kufuma kwa mkono, ni mabingwa wa dunia na hawajawahi kuambiwa.

Lakini hiyo ni utani. Swali langu ni lingine. Ili ukae mezani baada ya kula unahitaji vitu vitatu: meza, watu wa kukaa nao, na saa ambayo si ya bosi. Wahispania wengi wanakula mlo wao mkubwa mchana, kama saa nane hivi, na ule muda baada yake umekuwa na nguvu hadi kipindi cha mchana kwenye televisheni zao kinaitwa sobremesa. Wana kitabu cha visa na vichekesho cha Juan de Timoneda cha mwaka 1563 ambacho jina lake limeunganisha sobremesa na burudani ya watu walio njiani. Shika hiyo ya watu walio njiani, tutairudia. Sasa chukua vile vitu vitatu uvilete Eastlands ya mkoloni, uone ni kipi utapata.

Hutapata hata kimoja. Na haikuwa bahati mbaya.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Kwa wale walioipanga, Mwafrika hakuwa mtu wa mji, alikuwa mkono wa kazi uliokuja kwa muda. Mke na watoto walitakiwa wabaki mashambani, wajilishe huko. Mwanaume alitembea na kipande, ile karatasi ndani ya kikebe cha chuma shingoni, iliyoonyesha ameajiriwa na nani. Usiku kutembea mjini kulitaka ruhusa. Na mshahara ulipigiwa hesabu ya tumbo moja, la mwanaume asiye na familia.

Hiyo hesabu ya tumbo moja ndiyo iliyochora nyumba. Serikali, reli na manispaa zilipojenga makao ya Waafrika upande wa mashariki wa mji, kipimo kikubwa hakikuwa nyumba wala familia, kilikuwa nafasi ya kitanda. Wakubwa waliandika kwenye ripoti zao kwamba mji umepungukiwa na nafasi za vitanda kadhaa, vile mtu wa ghala anavyohesabu rafu. Ingia ndani ya chumba kama hicho ujionee: wanaume watatu au wanne, kila mmoja kitanda chake, nguo kwenye misumari, sanduku chini ya kitanda. Jiko na choo ni vya kushea na majirani. Mnasonga ugali, mnaketi ukingoni mwa vitanda au chini sakafuni, sufuria katikati, mnakula kwa sufuria moja. Ukimaliza, mahali pa kukaa ni pale pale pa kulala, na mwenye kitanda ana kazi ya alfajiri. Mezani? Meza ingewekwa wapi? Hakuna aliyeichora.

Kwa hivyo watu walitoka nje.

Hapa sasa ndio Pumwani inaingia, na mimi huwa nashangaa kwa nini shuleni tuliipita kama jina la hospitali tu. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyojijenga vyenyewe: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ikataka watu wote wakae sehemu moja, ikapima viwanja pale Pumwani. Ilichofanya tofauti ni kwamba iliruhusu watu wajenge wenyewe. Wakajenga nyumba walizozijua, zile tunazoziona Majengo, za mtindo wa Kiswahili wa pwani: kuta za miti na udongo, ukumbi mwembamba unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kulia na kushoto, kila chumba na mpangaji wake. Uani kuna jiko, choo na maji. Na mbele, kwa barabara, kuna baraza.

Baraza ndio jibu letu kwa hiyo video yako. Ni sehemu ya kukaa iliyoshikana na ukuta wa nje wa nyumba, chini ya paa. Pwani huwa ya mawe na chokaa, Majengo ilikuwa ya udongo uliokandikwa, au tu benchi na mkeka. Uko nyumbani lakini hujafunga mlango. Anayepita anasalimia, na akitaka anakaa, bila kualikwa na bila kukuona umelala. Muuza kahawa alipita jioni na dele lake la shaba na makaa chini yake, akagawa vikombe vidogo vya kahawa chungu, na kashata ya kutuliza ule uchungu. Kikombe kidogo hivyo hakishibishi mtu. Kazi yake ni kukupa sababu ya kutoinuka.

Na neno tunalo, tena ni kitenzi kabisa: kubarizi. Maana yake ni kukaa barazani kwa mazungumzo. Ni la Kiarabu kwa asili, kutoka kwa mzizi unaobeba maana ya kutokeza, kujitokeza mahali pa wazi. Mhispania alilitaja lile tendo kwa jina la fanicha iliyo ndani ya nyumba. Mswahili alilitaja kwa kule kutoka nje. Kwa mtu wa chumba cha nafasi ya kitanda hiyo tofauti ilikuwa kubwa sana, kwa sababu sobremesa inataka uwe na meza, na kubarizi kunataka tu ukuta wa kuegemea.

Lakini usifikiri Pumwani yote ilikaa barazani. Wenye nyumba wengi pale walikuwa wanawake, na mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya wakati huo waliojipatia pesa kwa kukaribisha wanaume vyumbani mwao. Wengi wetu tungesikia hiyo tufikirie jambo moja tu. Yeye anaonyesha kwamba kilichouzwa kilikuwa zaidi ya hapo: chakula kilichopikwa, chai, maji ya kuoga, kukaa mahali ambapo mtu anakuuliza siku ilikuwaje. Yaani mji uliondoa nyumbani kwa makusudi, halafu ukaanza kununua nyumbani kwa vipande, kwa saa, kwa kikombe. Na wale wanawake waliweka akiba, wakajenga nyumba zao.

Manispaa nayo iliona kwamba kukaa kuna pesa. Miaka hiyo hiyo ya 1920 ilipiga marufuku watu kujipikia pombe mtaani, ikafungua baa yake Pumwani na kuuza yenyewe. Ukitaka kukaa na wenzako jioni, kaa ndani ya ua wa manispaa ukilipa manispaa. Hii hainishangazi. Kinachoniuma zaidi ni vile walivyochukua lile neno. Baraza likageuka kuwa mkutano wa bwana shauri na chifu: mmoja anaongea, wengine wamechuchumaa wanasikiliza, kisha mnaambiwa nendeni. Hadi leo ukisema "kuna baraza" mtaani, mtu anauliza chifu anataka nini. Neno la kukaa bila ajenda limekuwa neno la ajenda peke yake.

Halafu ikaja miaka ambayo kukaa tu kulitosha kukupeleka kambini. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Nairobi ilikuwa na hofu pande zote. Tom Mbotela aliuawa mwaka huo wa 1952, diwani Ambrose Ofafa akauawa 1953, na ndio hao unaowataja kila ukipanda matatu ya Mbotela au Ofafa bila kujua walikuwa watu. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza lilizingira mji. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Mtaa baada ya mtaa wa Eastlands ulifungwa, watu wakatolewa nje, wakapangwa kwa kabila, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kuchujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini. Mtaa wa Bahati ulizungushiwa seng'enge.

Fikiria maana yake kwa jioni ya kawaida. Wanaume watano nje ya nyumba baada ya chakula, sauti za chini, kicheko kimoja. Kwa askari hiyo si stori, hiyo ni mkutano wa kula kiapo. Mtu mwenye akili alikula haraka, akaingia ndani, akazima taa. Nadhani ule mkato wa Nairobi, ule wa mzazi kukuambia "maliza kula uingie ndani," una mizizi mirefu kuliko tunavyodhani. Hiyo ni maoni yangu, hakuna mtu ameniambia.

Cha ajabu, mwaka huo huo wa 1954 ndio kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, ile ya Carpenter, ilitoa ripoti ikisema kwamba mshahara wa mwanaume mseja haufai, kwamba mtu anapaswa kulipwa kiasi cha kukaa mjini na familia yake. Yaani kwa mkono mmoja wanabeba watu kwa malori, kwa mkono mwingine wanaandika kwamba hawa watu wanahitaji kukaa na wake na watoto wao. Kaloleni ilikuwa imeshajengwa miaka ya 1940 kwa mawazo ya aina hiyo, nyumba za mawe zimezunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi katikati. Jericho, Jerusalem na mingine ikafuata. Familia zikaja mjini. Na familia zilipokuja, meza ikaingia nazo.

Lakini ni meza gani? Si ya kulia. Nyumba nyingi za Eastlands hazikuwa na nafasi ya meza kubwa na viti sita, kwa hivyo tukapata ile meza fupi ya katikati na stuli zake, sofa zimeizunguka kwa pande tatu, na televisheni upande wa nne. Sahani unaweka kwa stuli au kwa paja. Kwetu Maringo ilikuwa hivyo kwa shosho, na kwa kila rafiki yangu ilikuwa hivyo. Hiyo meza haiwezi kushikilia mazungumzo marefu baada ya kula kwa sababu moja rahisi: watoto wanaitaka sakafu, usiku kuna mtu analala kwa hiyo sofa.

Kwa hivyo sobremesa yetu ilijifunza kutembea, na hapa ndipo nataka urudishe akilini lile jina la kitabu cha Timoneda, la watu walio njiani. Angalia vile mgeni anaondoka Eastlands. Amekula, chai imekuja, saa mbili usiku anasema "haya, wacha niende." Hakuna anayeinuka. Hilo ni tangazo tu. Baada ya nusu saa anashika mkoba, stori mpya inaanza akiwa ameushika. Anasimama, wanaomba, anafika mlangoni, na hapo mlangoni ndipo stori ya kweli inatoka, ile iliyomleta: mtu ameachishwa kazi, binti ana mimba, anaomba elfu mbili. Halafu shosho anajifunga leso na kusema "wacha nikusindikize kidogo." Wanafika getini. Wanasimama. Wanafika kona. Wanasimama. Wanafika steji, matatu ya kwanza inajaa na kwenda bila yeye, na ya pili pia. Ile nyumba ndogo iliyojaa masikio haikuwa mahali pa kusema mambo mazito. Barabara ilikuwa. Ukitaka kujua kama mtu alikuwa anakutembelea kwa heri au kwa shida, usisikilize alichosema kwa sofa, sikiliza alichosema kati ya geti na steji.

Na nani alibaki ndani? Hapa video za Uhispania zinanikera kidogo. Kila meza ambayo watu wameketi masaa matatu, kuna sahani ambazo mtu ataosha. Barazani walikaa wanaume. Wanawake wa Majengo walikuwa na kukaa kwao, uani, mikono ndani ya maji, na stori zao hazikuhitaji kahawa kusukumwa. Kwetu nilikuwa naitwa nioshe vyombo pamoja na dada zangu, na nakwambia kweli, kwa karai ndiko nilikosikia historia ya familia yetu, si kwa meza. Nilikaa chuoni miaka miwili na hakuna darasa lililonipa maelezo ya shamba letu liliuzwa aje. Shangazi alinipa akisugua sufuria.

Sasa tunasemwa eti kizazi chetu ni cha kukaa tu besi. Kanuni ya Adhabu bado iko na kifungu cha 182, kile cha watu wavivu na wasio na mpango, tulichorithi kutoka kwa wale wale waliohesabu nafasi za vitanda. Mimi naona besi ni baraza iliyofukuzwa nyumbani. Nenda Pipeline uone. Ghorofa 7, 8, zimebanana, chumba ni futi 10 kwa 10, ukumbi wa katikati una giza mchana, na hakuna aliyejenga mahali pa kukaa kwa sababu mahali pa kukaa hapalipi kodi. Meneja wa hiyo hesabu hahesabu vitanda tena, anahesabu milango, lakini ni hesabu ile ile. Kwa hivyo watu wanakaa ngazini, juu kwa kamba za nguo, na chini kwa kibanda cha chakula.

Hicho kibanda ndicho ningependa ukitazame vizuri siku moja, saa saba mchana. Benchi moja, watu sita wamebanana, ugali na madondo. Mwenye kibanda ana saa mbili tu za kuuza chakula chake cha mchana, na kila mtu anayebaki baada ya kumaliza amekalia sahani ya mtu mwingine. Hatakwambia uinuke. Atapangusa meza mbele yako mara moja, halafu mara ya pili, halafu atachukua glasi yako ya maji. Hapo ukiagiza chai anaacha kupangusa. Umelipia kama nusu saa hivi. Ukirudi saa kumi, wakati hakuna foleni, utakuta watu wale wale kwenye benchi ile ile na hakuna aliyeagiza kitu, na mwenyewe ameketi nao, miguu juu ya krati ya soda, anasimulia.